Kipande cha katikati

Seredani kumi na moja zilipangwa chini ya mwembe, na ya Asha ikaangukia mkabala na ya dada yake. Shindano la mtaa safari hii lilikuwa la mkate wa mayai peke yake, upikwe kwa makaa, na sharti lilikuwa moja: hakuna kumsaidia mwenzio, hata kwa neno. Zuhura na Asha walifundishwa na bibi yao, kwenye jiko moja, kwa hiyo nusu ya Kikwajuni ilikuja kutazama nani atamshinda nani.

Kwa mikono walifanana. Mayai kumi na mawili, vikombe viwili vya sukari, piga mpaka povu liwe jeupe na zito. Kisha iliki iliyotwangwa, na unga uliochekechwa, kidogo kidogo, ukichanganywa kwa upole kama anayemfunika mtoto aliyelala. Mkate huu hauna hamira wala siagi. Kinachouinua ni hewa iliyofungwa ndani ya mayai, na mkono mzito huitoa yote.

Walipotofautiana ni kwenye moto. Mwezi mmoja kabla, Asha alimpikia shangazi yao keki ya maulidi, na kisu kilipofika katikati, uji ukamwagika. Hakuna aliyemcheka. Shangazi aliinua tu sahani na kuirudisha jikoni, kimya, na Asha aliendelea kuiona ile sahani ikiondoka kila alipofumba macho.

Akapakia makaa juu ya mfuniko, akayapunguza chini, kama alivyofundishwa. Baada ya muda akafunua, akachoma kijiti cha chelewa. Kikatoka kikavu. Akakitazama, asikiamini. Akafunika tena.

Ng'ambo ya pili, Zuhura aliinua pua. Harufu ya sukari inayoiva ni tamu. Ikianza kuungua huwa na uchungu mwembamba nyuma yake, na pua ya Zuhura iliujua. Akamtazama mdogo wake. Akaangalia meza ya waamuzi. Akakaa juu ya viganja vyake.

Asha alipoepua, mkate ulikuwa umejivuta pembeni mwa sufuria upana wa kidole, na uso wake wa kahawia ya tende. Kwa mbali ulipendeza. Bi Mwanaisha, mwamuzi mkubwa kwa umri, akaubonyeza; haukurudi. Akakata, na makombo yakatawanyika mezani. Akachovya kipande kwenye chai, akatafuna bila haraka.

"Sukari imekaa. Iliki imekaa," alisema. "Lakini umeukausha, mwanangu. Ulikuwa unaogopa nini?"

Asha alishindwa kujibu. Ushindi ulikwenda kwa mama mmoja wa Miembeni, Zuhura akawa wa pili, na ndugu hao wakarudi nyumbani wakiwa wameshika sufuria moja, huyu mkono huu na yule mkono ule, bila kusemezana.

Mlangoni Asha akalipuka. "Ulinusa, dada. Nilikuona. Ukaninyamazia!"

"Nilinusa," Zuhura alisema. "Na sharti nililisikia kama ulivyolisikia wewe. Ningekukonyeza, ungeshinda kwa pua yangu. Lakini roho iliniuma, Asha, usidhani haikuniuma."

Asha alilia kidogo. Kisha akanawa uso, akahesabu mayai yaliyobaki kapuni. Sita. Nusu ya kipimo.

Usiku ule walipika uani. Zuhura akavuta kibao, akakaa mbali, safari hii kwa hiari. Alisema jambo moja tu: "Kijiti usikiulize mara mbili. Na ukumbuke sufuria ya moto huendelea kupika hata ikishaondoka motoni."

Asha akainama. Hakufunua. Akategesha sikio karibu na mfuniko, na kutoka ndani akasikia mchiririko mdogo wa maji yanayotoka kwenye unga, kama mvua juu ya makuti mbali sana. Mchiririko huo ulikuwepo hata mchana, ila hakuwa ameusikiliza. Akangoja. Mchiririko ukapungua, ukawa tone, na tone. Kabla haujanyamaza kabisa akachukua koleo, akaondoa makaa yote ya juu, akafunua. Akachoma kijiti mara moja. Kilitoka na kombo moja laini limekishikilia.

Ile sahani ya shangazi ikamjia tena. Mkono wake ukaelekea kwenye mfuniko, ukasita hapo, ukarudi. Akaepua.

Mkate ulipopoa kiasi cha kushikika, alikata palepale palipokuwa pakimtisha. Ndani ulikuwa wa manjano, umejaa vitundu vidogo, na alipoubonyeza ukarudi juu ya kidole chake. Akampelekea dada yake kipande cha katikati, kwa mikono miwili.