Hotuba ya dakika tatu mbele ya jopo la ufadhili, pamoja na maelezo ya fomu yaliyoizaa

Maelezo niliyoandika kwenye fomu

Jina: Zuhura Haji Vuai
Ninakotoka: Jambiani, Mkoa wa Kusini Unguja
Elimu: Shahada ya kwanza ya sayansi za majini na uvuvi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam
Ninachoomba: Ufadhili wa shahada ya uzamili ya sayansi za bahari, Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar

*Eleza historia yako na sababu za kuchagua fani hii.*

Nimezaliwa na kukulia Jambiani, katika nyumba ambayo ada, sare na madaftari yalilipwa kwa mwani. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza kwenye pwani yetu ya mashariki mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na mama yangu alikiingia akiwa msichana, akimfuata bibi. Kazi yenyewe ni ya bamvua. Maji yakikupwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wanawake huteremka pwani kupigilia vigingi, kufunga mbegu kwa taitai kwenye kamba, kung'oa magugu na kuvuna. Maji mafu yakiingia hurudi nyumbani kuanika na kupanga. Kuanzia kufunga mbegu hadi kuvuna ni kama wiki sita.

Aina zinazolimwa ni mbili. Spinosamu ni mvumilivu ila bei yake ni ndogo. Kotonii inauzwa ghali zaidi, kwa sababu karajinani yake, yaani utomvu unaotolewa ndani ya mwani, hugandisha jeli ngumu inayotafutwa na viwanda vya vyakula, lakini joto haiiwezi. Tangu miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa kwenye mashamba ya maji mafupi: matawi yanapauka, yanakuwa meupe, yanakatika na kuchukuliwa na maji. Wakulima wa kijijini kwetu wamebaki na spinosamu, yaani wanafanya kazi ileile kwa malipo madogo. Nilisomea sayansi za majini kwa sababu nilitaka kujua kwa nini.

*Eleza utafiti au kazi uliyowahi kufanya inayohusiana na masomo unayoomba.*

Katika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza nilipima joto la maji kwenye mashamba ya majirani zetu, wakati wa maji kupwa na wakati wa maji kujaa. Nilipima pia chumvi, na kila mara niliandika hali ya mwani. Mchana wa bamvua, maji yaliyobaki juu ya mchanga yalipita nyuzi 33 mara kadhaa. Nje kidogo, ukingoni mwa mkondo, yalikuwa baridi zaidi. Matokeo haya yanaafikiana na kazi za watafiti walionitangulia, hasa Dkt. Flower Msuya, ambaye kwa miaka mingi amechunguza mwani wa Zanzibar na kujaribu kupanda kotonii kwenye maji ya kina kirefu kwa kutumia nyavu za mirija, yaani nyavu ndefu zenye umbo la bomba ambazo mwani hukulia ndani yake.

Sambamba na vipimo nilifanya mahojiano na wakulima. Swali la mwisho kwenye dodoso lilikuwa: je, unajua kuogelea? Waliojibu ndiyo walikuwa wachache mno.

*Ufadhili huu utakusaidia kufanya nini?*

Nitajifunza ikolojia ya mwani kwa kina, takwimu na namna ya kusanifu majaribio baharini. Utafiti wangu utalinganisha njia tofauti za kulima kotonii nje ya maji mafupi, na kwa kila njia utapima mavuno, gharama na mgawanyo wa kazi baina ya wanaume na wanawake.

Niliyoyaacha nilipoandika hotuba

Jopo lina fomu mkononi, kwa hiyo elimu na orodha ya vyeti sizirudii. Chumvi nimeiacha, ni sehemu ya kazi niliyoipenda, lakini dakika tatu hazitoshi kuieleza bila kuharakisha. Sifa za mama nazo nimezipunguza. Nilipomsomea kaka yangu rasimu ya kwanza aliniambia, "Hapa anayeomba ufadhili ni mama au ni wewe?" Nimebaki na swali la kuogelea, lililokuwa limejificha mwisho wa dodoso, nikaliweka katikati. Bila lile, mimi ni mwombaji mwingine tu anayezungumzia mabadiliko ya tabianchi.

Hotuba

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa jopo, assalamu alaikum, na habari za asubuhi.

Naitwa Zuhura Haji Vuai, natoka Jambiani. Mama yangu ni mkulima wa mwani. Nimekuja kuomba nafasi ya kusoma uzamili wa sayansi za bahari kwa ajili ya swali moja: mwani wenye bei ukihamia maji ya kina kirefu, wanawake watafikaje huko?

Mwani wenye bei ninaousema ni kotonii. Jambiani tuliulima, tukaukosa. Joto la maji mafupi limeushinda, na sasa tunalima spinosamu, ambao mnunuzi huulipia kidogo. Nilipokuwa nafanya utafiti wa shahada ya kwanza nilishuka pwani na kipimajoto, bamvua baada ya bamvua. Siku moja jirani yetu, mama mtu mzima, akaniangalia ninavyoandika, akasema: "Joto tunalijua kwa miguu, mwanangu. Wewe tuambie tufanye nini."

Jibu la kisayansi nilikuwa nalo. Pelekeni kotonii nje, kwenye maji ya kina, ambako joto halipandi sana. Jibu hilo ni sahihi, na limejaribiwa hapahapa Zanzibar. Lakini nilipowahoji wakulima niliwauliza kama wanajua kuogelea, na karibu wote wakacheka. Hawajui. Chombo hawana. Shamba la sasa wanalifikia kwa miguu, maji yakiwa kiunoni. Shamba la kina linataka ngalawa, na ngalawa kijijini kwetu ni ya mwanamume.

Kwa hiyo tunaweza kuiokoa kotonii na tukampoteza mkulima. Mwani utastawi, takwimu za mavuno zitapanda, na mwanamke aliyeilea kazi hii zaidi ya miaka 30 atabaki ufukweni akisubiri kulipwa ujira wa kuanika.

Mimi nataka kujaribu njia tatu. Ya kwanza, kamba zinazoelea ukingoni mwa mkondo, mahali ambapo maji ya bamvua humruhusu mtu kufika kwa miguu kwa muda mfupi. Ya pili, nyavu za mirija zinazovutwa kwa kamba hadi maji mafupi, zikahudumiwa hapo, zikarudishwa. Ya tatu, chombo cha ushirika cha wanawake wenyewe, pamoja na mafunzo ya kuogelea na maboya ya kujiokolea. Kila njia nitaipima kwa mizani ya mavuno, kama kawaida. Nitaandika pia nani alifanya kazi, kwa saa ngapi, na fedha iliingia mkononi mwa nani.

Huenda njia mojawapo ikashindwa kabisa. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye ile ya kwanza, kwa sababu upepo wa kusi huchafua bahari ya mashariki na kukata kamba. Hilo nalo wakulima wanahitaji kulijua kabla hawajatumbukiza fedha zao.

Ninaomba kusomea katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Buyu. Maabara iko huko na shamba liko Jambiani, kwa hiyo sampuli niliyoichukua asubuhi itafika mchana. Ufadhili wenu utalipa ada na gharama za majaribio. Wakulima watakaofanya kazi nami wameshakubali, ila wana sharti: matokeo wasomewe wao kwanza, kwa Kiswahili, kabla hayajachapishwa popote.

Nimelikubali sharti hilo, na liko kwenye ratiba ya utafiti niliyoiambatanisha na fomu. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali yenu.

Maswali ninayoyatarajia

*Kwa nini usiende kusoma nje ya nchi?*

Bahari ninayoichunguza iko hapa, na bamvua halisubiri likizo ya chuo. Kama kuna kipimo cha maabara ambacho Buyu hakipatikani, msimamizi anaweza kutuma sampuli. Nikipata nafasi ya kwenda nje kwa shahada ya uzamivu baadaye, sitaikataa, na wakiniuliza nitasema hivyohivyo bila kujifanya.

*Kuogelea ni suala la kijamii. Wewe ni mwanasayansi wa bahari. Hujatoka nje ya fani?*

Swali hili ndilo ninaloliogopa na ndilo ninalolitaka. Nitajibu kwamba mbinu ya kilimo inayomtegemea mtu asiyeweza kufika shambani ina kasoro ya kiufundi. Anayesanifu shamba huchagua kina, urefu wa kamba na uzito wa nanga. Na uwezo wa mtu atakayelihudumia ni kipimo kama hivyo. Nitataja pia kwamba nimeomba msimamizi wa pili mwenye uzoefu wa masuala ya jamii za pwani, jambo ambalo limo kwenye fomu, ukurasa wa mwisho.

*Wanaume wa kijiji wanasemaje?*

Wenye vyombo wawili wako tayari kukodisha. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba kotonii ikirudi na bei yake, yeye naye atalima. Sioni ubaya. Wanaume walikuwepo hata mwanzoni mwa kilimo hiki, wakaondoka kipato kilipowaonekea kidogo. Ninachotaka ni kwamba wakirudi wawakute wanawake wana chombo chao.

*Na kama bei ya kotonii nayo itaanguka?*

Inaweza. Bei inapangwa na soko la nje, na Zanzibar ni muuzaji mdogo ukilinganisha na Indonesia na Ufilipino. Ndiyo maana gharama za kila njia zitaandikwa kwa bei tatu: ya sasa, ya juu na ya chini. Njia inayolipa kwa bei ya juu peke yake sitaipendekeza kwa mtu anayekopa fedha za kununulia kamba. Hapa nisiongeze neno; wakitaka kusikia habari za sabuni na unga wa mwani wataniuliza, na nitawaeleza kwamba vikundi vya wanawake tayari vinavitengeneza, ila soko la bidhaa hizo bado ni la watalii zaidi kuliko la sisi wenyewe.