Ngumi ya Tatu, Kidole cha Pete

Mzee Kapela hakuwa akihesabu mbuzi kwa mdomo. Marehemu baba yake alimkataza: mifugo ukiitaja idadi kwa sauti, kuna masikio yasiyokutakia mema. Kwa hiyo alihesabu kwa mkono.

Jua lilipogusa vichwa vya miembe alikaa juu ya gogo la mninga, pembeni mwa mlango wa zizi. Mkono wa kulia uligusa mgongo wa kila mbuzi aliyepita, wa kushoto ukakunja vidole, kuanzia gumba. Wakitimia watano, mkono umekuwa ngumi. Ngumi moja ni kokoto moja mfukoni. Hapo Doto, mjukuu wake, hushusha mti wa mlango, watano wasogee ndani, kisha huuinua tena. Zizi zima lilikuwa ngumi saba na vidole vitatu.

Watu wa kijiji, hapa nje kidogo ya Usoke, walidhani ni ukaidi wa kizee. Hawakujua kwamba mbuzi nao wana mazoea, kama watu wa msikitini ambao kila mmoja ana nguzo yake ya kuegemea. Mama huingia na binti zake, beberu hujipenyeza katikati, wavivu huja mwisho wakitafuna. Miaka kumi ya kuhesabu hivyo, kila kidole kilikuwa na mwenyewe. Na tangu ukungu uingie machoni mwa mzee, vidole ndivyo vilivyokuwa vinaona.

Jioni ile ya Oktoba, joto likiwa limekaa juu ya nchi kama sufuria iliyofunikwa, zilipita ngumi mbili bila neno. Katika ngumi ya tatu alikunja gumba, cha shahada, cha kati. Akagusa mgongo wa nne. Kidole cha pete hakikukunjika.

"Shusha mti."

"Bado mmoja, Babu."

"Nimesema shusha."

Doto akashusha. Mzee akamshika yule mbuzi shingoni, mkono ukapanda hadi sikioni, ukapita kwenye pembe, ukarudi. Manyoya yalikuwa laini mno. Pembe zote mbili nzima.

"Bahasha yuko wapi?"

"Si huyo, Babu? Wa kahawia, ana doa kwenye paji."

"Nakuuliza Bahasha."

Doto yuko darasa la tano na hesabu anaiweza. Alikuwa amewahesabu njiani, mmoja mmoja, mara mbili. "Wametimia wote, Babu. Thelathini na..."

"Nyamaza!" Mzee alitazama kando, kama vile hayo masikio yapo kwenye ua. "Hata wakitimia. Huyu ni mgeni."

Bahasha alizaliwa siku walipoletewa malipo ya tumbaku yaliyokuwa yamechelewa mpaka watu wakakata tamaa. Ndiyo asili ya jina. Pembe yake ya kushoto ilivunjika akiwa mdogo alipopigana na ndoo. Ndoo ndiyo iliyoshinda.

Ngumi zilizobaki zilipita haraka. Kisha mtoto akaulizwa, naye akaangalia miguu yake. Mchana, lamboni, kundi lao lilichanganyika na la Masanja. Yeye na watoto wa Masanja waliwatenganisha.

"Mlikuwa mnafanya nini wakati wanachanganyika?"

"Tulikuwa tunaoga."

Mzee hakumgombeza. Alichukua fimbo, akamfunga mgeni kamba, wakatoka. Giza la kwetu haliingii taratibu. Ukigeuka mara mbili limeshafika, na fisi nao hawangoji usiku wa manane.

Masanja alikuwa amehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wengi na watoto wengi, na vyote viwili alivihesabu kwa jumla tu. Aliwapokea uani, akamtolea mzee kigoda.

"Shikamoo baba. Usiku huu, kwema?"

"Marahaba. Si kwema sana. Nimekurudishia mbuzi wako, nipe wangu."

Masanja akammulika mgeni kwa tochi ya simu, akacheka. "Kweli huyu wangu! Lakini baba, mbona kwangu wametimia?"

"Na kwangu wametimia."

Walicheka wote wawili, kisha Masanja akaacha kucheka. Akashika kichwa. Saa kumi alikuwa amekuja mchuuzi na pikipiki yenye tenga. Alichukua wanne. Masanja mwenyewe alikuwa kitandani na homa. Mtoto ndiye aliyemwonyesha mchuuzi hawa na hawa, na mmoja alikuwa wa kahawia.

"Baba, nisamehe. Baki na huyo wangu. Ni kijana, tena ana mimba. Umepata faida."

Ilikuwa faida kweli. Jirani mwingine angeshukuru akaondoka kabla mwenye mali hajabadili mawazo. Mzee Kapela alikaa kimya akiuchezea mkono wake wa kushoto, akaukunja ngumi, akaukunjua.

"Mchuuzi ana simu?"

"Anayo. Lakini wanapakiwa kwenye lori alfajiri, kwenda mjini."

"Mpigie."

Simu ya Masanja ilikuwa kitochi kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Akaweka sauti kubwa. Mchuuzi alipokea akiwa anakula, ilisikika.

"Wanne wako nimewachanganya na wengine, wako kumi na tisa hapa nyuma ya nyumba. Wa kahawia? Kaka, wa kahawia wako saba! Na mimi tochi sina."

"Mwambie asogeze simu kwao," alisema mzee.

"Nani huyo?"

"Ni mzee wangu. Sogeza tu simu, ndugu yangu, nitakutumia hela ya maji."

Ikasikika miguu, mlango, kisha vurugu ya kwato. Mzee akainama juu ya kitochi mpaka ndevu zikagusa vibonye. Akapiga ulimi kwenye paa la mdomo, mara tatu, halafu akaita kwa sauti nyembamba ambayo Doto hakuwahi kumsikia akiitumia kwa mtu: "Bahaasha! Bahasha we!"

Kimya. Mke wa Masanja akaacha kukoroga ugali.

Mbuzi akalia.

Doto akaruka. Masanja akapiga goti lake kofi. Lakini mchuuzi alikuwa anacheka huko aliko, anacheka na kukohoa.

"Mzee, wamejibu wawili!"

Watu wote wakamtazama mzee. Yeye hakuonekana kushangaa. Labda ndivyo ilivyo. Mbuzi ana upweke wake, ataitikia jina lolote akilala ugenini.

"Mguse kila mmoja pembe ya kushoto."

"Huyu... nzima. Huyu..." Kwato tena, na tusi dogo. "Huyu imekatika. Ananitafuna shati."

"Ndiye."

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida: nani atalipa pikipiki ya kumrudisha, mchuuzi atapewa nani badala yake, na je, mgeni mwenye mimba abaki au arudi. Masanja alisema abaki, mzee akasema hapana, Masanja akaapa, mke wake akasema ugali unapoa. Simu ikakatika katikati ya bei, salio limekwisha, na mtoto mmoja akatumwa mbio dukani kununua vocha.

Doto alikaa chini karibu na kigoda cha babu yake. Katika mwanga wa moto aliuona ule mkono wa kushoto juu ya goti: gumba limekunjwa, cha shahada, cha kati. Kidole cha pete kilikuwa bado kimesimama. Kilisimama hivyo mpaka saa tatu usiku, taa ya pikipiki ilipochomoza kwenye njia ya lambo, na kelele ya Bahasha ikasikika kabla ya injini.