Ombi la Kurekebishiwa Jina kwenye Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi

Zuwena Mbarouk Khamis
Shehia ya Gando
Wilaya ya Wete
Mkoa wa Kaskazini Pemba

12 Mei 2025

Msajili wa Wilaya
Ofisi ya Usajili wa Matukio ya Kijamii
Wete, Pemba

Kwa heshima, Assalaamu alaykum.

KUH: JINA LA BABA LILILOKOSEWA KWENYE KITAMBULISHO CHANGU

Mimi ninayeandika barua hii ni Zuwena Mbarouk Khamis, mzaliwa na mkaazi wa Gando. Kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi kinasomeka Zuwena Mabrouk Khamis. Jina la baba yangu ni Mbarouk, lakini herufi ya pili na ya tatu zimepishana, likatoka jina la mtu mwengine. Naomba lirekebishwe.

Siombi kubadilisha jina. Sijapata kutumia jina jengine maishani mwangu, na hata nilipoolewa nilibaki na jina la baba kama ilivyo ada yetu. Tarehe ya kuzaliwa, pahali nilipozaliwa, picha na nambari ya kitambulisho vyote viko sawa, na naomba visiguswe.

Nimelazimika kuandika sasa kwa sababu baba yangu, Mbarouk Khamis Juma, alifariki mwezi wa Machi mwaka huu. Ameacha nyumba na shamba la mikarafuu, na sisi watoto wake tumefungua maombi ya mirathi katika Mahkama ya Kadhi. Karani alipoyalinganisha makaratasi yetu, vitambulisho vya kaka zangu viliafikiana na cheti cha kifo, changu hakikuafikiana. Alinieleza kwa upole kwamba kwa maandishi yale mimi naonekana mtoto wa Mabrouk, na marehemu ni Mbarouk. Simlaumu, maana mahkama inafuata kilichoandikwa. Lakini limeniuma sana kuambiwa nithibitishe kuwa mimi ni mwanawe, nami ndiye niliyemuuguza mpaka siku yake ya mwisho. Ndugu zangu nao wamesimama kwa ajili yangu, hawataki kugawana mpaka nami niingie, na msimu wa karafuu hausubiri.

Pamoja na barua hii naleta kitambulisho chenyewe na kivuli chake. Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni cheti changu cha kuzaliwa, ambacho kina jina kamili la baba kwa herufi zile zile zilizomo kwenye cheti chake cha kifo. Vivuli vya vyote viwili nimeviambatanisha. Kimo pia kivuli cha kitambulisho changu cha zamani, kile cha kabla ya hizi kadi mpya, na humo jina limeandikwa sawa. Kwa hivyo naamini hata kumbukumbu za mwanzo za usajili wangu zina jina sahihi, na nitashukuru zikifunguliwa zikatazamwa.

Cheti cha skuli kinasema Zuwena M. Khamis tu, hakionyeshi jina la baba kwa ukamilifu. Nimekitia kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa, ionekane kuwa ni mtu mmoja. Cheti cha ndoa kinalo jina zima.

Kuhusu hati ya kiapo, aliyeapa ni ami yangu, Omar Khamis Juma, ndugu wa marehemu baba kwa baba na mama. Mama yangu angekuja mwenyewe kunitolea ushahidi, lakini amekaa eda na haijamalizika. Iwapo kauli yake itahitajika, naomba nielekezwe namna ya kuichukua akiwa nyumbani. Barua ya Sheha wa Gando, anayetujua sote tangu utoto, imo pia, pamoja na kivuli cha kitambulisho cha kaka yangu mkubwa, Salim Mbarouk Khamis.

Naomba marekebisho yafanywe kwenye kumbukumbu za usajili na si kwenye kadi peke yake, ili jina lisije likarudi vile vile nitakapokwenda kuhuisha kitambulisho. Na kwa kuwa kadi mpya huenda ikachukua muda, naomba nipatiwe barua ya ofisi yenu inayothibitisha kwamba Zuwena Mabrouk Khamis na Zuwena Mbarouk Khamis ni mtu mmoja na kwamba jina sahihi ni hilo la pili. Kwa barua hiyo mahkama itaweza kuendelea na shauri letu. Kama kuna fomu ya kujaza au ada ya kulipa, niko tayari, na vyeti vya asili ninavyo mkononi, nitavileta siku yoyote nitakayoitwa. Nambari yangu ya simu nimeiandika juu ya bahasha. Nisipopatikana, Sheha atanifikishia ujumbe.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

Zuwena Mbarouk Khamis

Nakala: Sheha, Shehia ya Gando