Chura wa Kihansi na swali la thamani

Chura wa Kihansi hafiki sentimita 3. Hatagi mayai; huzaa vichura kamili, vidogo mno. Makao yake yalikuwa manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu, Kihansi, katika milima ya Udzungwa, Tanzania. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ikageuzwa kwenda kwenye mitambo ya megawati 180. Manyunyu yakakatika. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Anayemweka binadamu katikati atauliza: chura huyu anatufaa nini? Swali si la kipuuzi. Mama anayejifungua usiku zahanatini anahitaji taa, na sitamwambia asubiri. Wapo wanaomtetea chura kwa hoja hiyohiyo: huenda ngozi yake ina dawa. Utetezi huu naushuku. Dawa isipopatikana, chura amekosa wakili.

Anayeweka ikolojia katikati husema thamani ya chura haikutokana na sisi, kwa hiyo hatuwezi kuifuta. Nakubali, ila kwa shaka moja: mwanaikolojia Mmarekani Aldo Leopold na waliomfuata walithamini zaidi jamii nzima ya viumbe na ardhi. Je, jamii hiyo ikitaka watu wapungue?

Kihansi waliweka mabomba ya kunyunyiza maji, na mwaka 2012 vyura waliozalishwa Marekani wakarudishwa. Umeme haukuzimwa. Manyunyu yale sasa yanategemea mkono wa mtu, yuleyule aliyeyakata.