Tafsiri ya Mkataba wa Ajira: Msafishaji wa Vyumba vya Hoteli, Dubai

Imetafsiriwa Mombasa kutoka nakala ya Kiingereza. Mwanangu, karatasi hii ni ya kukufahamisha tu. Utakaoutia sahihi ni ule wa Kiarabu na Kiingereza, na maneno yakigongana, Kiarabu ndicho kinachofuatwa. Kila penye neno "Mfasiri" nasema mimi. Kwingine kote ni mkataba wenyewe.

1. Kazi. Mwajiri anamwajiri Mfanyakazi kuwa msafishaji wa vyumba, mtaa wa Deira, Dubai, kwa miaka 2 kuanzia tarehe 1 Machi 2026.

2. Malipo. Mshahara wa msingi ni dirhamu 1,000 kwa mwezi. Posho ya chakula ni dirhamu 300. Malazi na usafiri wa kwenda kazini ni juu ya Mwajiri.

Mfasiri: Wakala atakutajia 1,300, na si uongo. Lakini malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hupigwa kwa ile 1,000 peke yake. Ndiyo maana kila mahali nimeandika "mshahara wa msingi" kwa ukamilifu, ingawa inachosha kusoma.

3. Saa za kazi. Saa 8 kwa siku, zisizozidi 48 kwa wiki, na siku 1 ya mapumziko. Saa ya ziada hulipwa kwa nyongeza ya asilimia 25. Ikiwa kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, asilimia 50, isipokuwa kwa anayefanya kazi kwa zamu.

Mfasiri: Asili imeandika 22:00 na 04:00, nimegeuza kwa saa zetu. Ratiba utakayopewa kazini itafuata saa zao.

4. Muda wa majaribio. Miezi 6, hadi tarehe 31 Agosti 2026. Katika muda huu:
(a) Mwajiri akitaka kuvunja mkataba, atampa Mfanyakazi notisi ya maandishi ya siku 14.
(b) Mfanyakazi akitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine ndani ya Imarati, atatoa notisi ya maandishi ya mwezi 1, na mwajiri mpya atamrudishia Mwajiri gharama za kumwajiri.
(c) Mfanyakazi akitaka kuondoka nchini, atatoa notisi ya maandishi ya siku 14.
(d) Atakayeondoka bila notisi atamlipa mwenzake mshahara wa siku zilizosalia za notisi.

Mfasiri: Hapa ndipo nilipokaa sana. Majaribio si muda wa kufukuzwa kiholela, wala si muda wa wewe kuondoka kimyakimya. Sheria ya Imarati ya mwaka 2021 hairuhusu majaribio kuzidi miezi 6, na mwajiri yule yule hawezi kukuweka kwenye majaribio mara ya pili. Ukiondoka bila kufuata (b) au (c), unaweza kunyimwa kibali cha kazi kwa mwaka 1. Neno "maandishi" limerudiwa kwa makusudi: ujumbe wa mdomo kwa msimamizi hauhesabiki. Andika, weka tarehe, ubaki na nakala.

5. Notisi baada ya majaribio. Kila upande utatoa notisi ya maandishi ya siku 30, kwa sababu halali. Mfanyakazi ataendelea kufanya kazi na kulipwa mshahara kamili. Ikiwa Mwajiri ndiye aliyetoa notisi, Mfanyakazi ana haki ya siku 1 kila wiki, bila malipo, kutafuta kazi nyingine, mradi aarifu siku 3 kabla.

6. Likizo ya mwaka. Siku 30 kwa kila mwaka uliotimia. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 bila kufikisha mwaka atapata siku 2 kwa kila mwezi. Siku zisizotumika mkataba unapokwisha zitalipwa kwa mshahara wa msingi.

Mfasiri: Ni siku 30 za kalenda. Sikukuu ikiangukia humo inahesabiwa ndani yake, kwa kuwa mkataba huu hausemi vinginevyo.

7. Ugonjwa na msiba. Baada ya majaribio, siku 90 kwa mwaka: 15 kwa mshahara kamili, 30 kwa nusu, 45 bila malipo. Mwajiri aarifiwe ndani ya siku 3 za kazi, pamoja na cheti cha daktari. Kufiwa na mume au mke, siku 5; na mzazi, mtoto, ndugu, mjukuu, babu au bibi, siku 3.

Mfasiri: Ukiugua ndani ya majaribio, likizo yaweza kutolewa bila malipo.

8. Gharama na pasi. Mwajiri hatamtoza Mfanyakazi gharama za kumwajiri, wala hatashikilia pasi yake.

9. Kiinua mgongo. Baada ya mwaka 1, siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa kazi.

Mfasiri: Kwa miaka 2, takriban dirhamu 1,400.

10. Nakala. Kila upande utabaki na nakala 1 iliyotiwa sahihi.