Makubaliano ya Uchakataji wa Data Binafsi

Kiambatisho cha Tatu cha Mkataba wa Huduma za Mfumo. Tafsiri ya Kiswahili.

Makubaliano haya ni kati ya chama cha akiba na mikopo chenye ofisi kuu mjini Kilifi ("Chama") na kampuni ya programu za kompyuta yenye ofisi Nairobi ("Kampuni"). Majina kamili, namba za usajili na anwani za pande hizi mbili ni zile zilizo katika ukurasa wa kwanza wa Mkataba wa Huduma wa tarehe 3 Februari 2025 ("Mkataba Mkuu"). Yanaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025.

Tafsiri imefanywa kwa agizo la Halmashauri ya Chama, ambayo huendesha vikao vyake kwa Kiswahili. Aya zinazoanza na neno "Ufafanuzi" zimeongezwa na mfasiri kwa ridhaa ya pande zote mbili. Haziongezi wala hazipunguzi wajibu wa mtu yeyote.

1. Maana ya maneno

"Sheria" ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 pamoja na kanuni zake za mwaka 2021. "Kamishna" ni Kamishna wa Data aliyewekwa na Sheria hiyo. "Mwenye data" ni mtu yeyote anayetambulika kupitia data inayochakatwa: mwanachama, mdhamini wa mkopo, mrithi aliyeandikishwa au mfanyakazi wa Chama. "Kuchakata" ni jambo lolote linalotendewa data, kuanzia kuipokea, kuihifadhi, kuisoma na kuituma hadi kuifuta. "Uvujaji" ni tukio lolote linalofanya data ionekane, ichukuliwe, ibadilishwe, ipotee au iharibiwe bila idhini, liwe la makusudi au la bahati mbaya.

2. Nani ni Mdhibiti, nani ni Mchakataji

2.1 Chama ndicho Mdhibiti. Ndicho kinachoamua ni data gani ikusanywe, kwa sababu gani na ikae muda gani.

2.2 Kampuni ni Mchakataji. Inashika data kwa niaba ya Chama na haina madai ya umiliki juu yake, hata pale data inapokaa katika seva zake.

2.3 Kampuni ikichakata data kinyume cha maagizo ya Chama, itahesabiwa kuwa Mdhibiti kwa uchakataji huo, na itabeba wajibu wote wa Mdhibiti kama kifungu cha 42 cha Sheria kinavyosema.

*Ufafanuzi: Kipengele cha 2.3 ndicho chenye meno. Tuseme Kampuni itumie namba za simu za wanachama kutangaza bidhaa yake nyingine. Haitaweza kujitetea kwamba yenyewe ni fundi tu wa mfumo. Mbele ya Kamishna itajibu kwa jina lake.*

3. Data inayohusika

3.1 Kazi ni kuendesha mfumo wa akaunti za wanachama, kulinganisha malipo yanayoingia kwa M-Pesa, na kutuma arafa za salio na za kukumbusha marejesho ya mkopo.

3.2 Data hiyo ni jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, picha, alama za vidole za wanaohudumiwa kaunta, akiba, hisa, mikopo na dhamana, pamoja na majina ya mke au mume, watoto na wazazi walioandikishwa kuwa warithi.

*Ufafanuzi: Wengi hudhani data nyeti ni habari za ugonjwa tu. Sheria ya Kenya imekwenda mbali zaidi: alama za vidole, mali ya mtu, hali yake ya ndoa na majina ya watu wa familia yake vyote vimo katika data nyeti. Kwa hiyo ile fomu ya warithi, ambayo karani huijaza haraka haraka siku ya kujiunga, inastahili ulinzi uleule unaopewa daftari la mikopo.*

4. Maagizo

4.1 Kampuni itachakata data kwa maagizo ya maandishi ya Chama pekee. Makubaliano haya na Mkataba Mkuu ndiyo maagizo ya kwanza. Mengine yatatoka kwa Meneja Mkuu au Afisa wa Ulinzi wa Data wa Chama, kwa baruapepe ya ofisi. Agizo la simu halitatekelezwa mpaka liandikwe.

4.2 Kampuni ikiona agizo linakiuka Sheria, itasema hivyo mara moja na kusimamisha utekelezaji wake hadi Chama kijibu.

4.3 Data ya wanachama haitatumika kufanyia majaribio ya programu. Majaribio yatafanywa kwa data ya kubuni.

5. Wafanyakazi wa Kampuni

Anayeruhusiwa kuona data ni yule ambaye kazi yake inahitaji, na awe ametia saini kiapo cha usiri ambacho hakikomi anapoacha kazi. Akaunti ya anayeondoka itafungwa siku hiyohiyo anayoondoka.

6. Hatua za usalama

6.1 Data itasimbwa inapohifadhiwa kwa kiwango cha AES-256, na inaposafiri mtandaoni kwa TLS 1.2 au toleo jipya zaidi. Funguo za usimbaji hazitawekwa katika seva ileile yenye data.

6.2 Kila anayeingia katika mfumo, awe wa Chama au wa Kampuni, atakuwa na akaunti yake peke yake. Wasimamizi wa mfumo watathibitisha utambulisho kwa hatua mbili, yaani nywila pamoja na msimbo wa mara moja. Kutumia akaunti moja watu wawili ni marufuku, hata kaunta ikiwa na foleni ndefu.

6.3 Mfumo utaandika nani amefungua akaunti ya mwanachama yupi, saa ngapi na amebadilisha nini. Kumbukumbu hizo zitatunzwa miezi 24, na msimamizi wa mfumo hatakuwa na uwezo wa kuzifuta.

6.4 Nakala rudufu itachukuliwa kila usiku na kusimbwa. Kila baada ya miezi 3 Kampuni itarejesha nakala moja kwa majaribio na kukipelekea Chama matokeo kwa maandishi. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haitahesabiwa kuwa imetimiza kipengele hiki.

6.5 Viraka vya usalama vya hatari kubwa vitawekwa ndani ya siku 7 tangu vitolewe. Mfumo utapimwa na wataalamu wa nje kwa kujaribu kuuvunja, angalau mara moja kwa mwaka.

6.6 Kwa upande wake Chama kitalinda kompyuta za matawi, kitawafunza makarani, na kitaiarifu Kampuni siku hiyohiyo karani anapohamishwa au kuacha kazi.

7. Wachakataji wadogo, na data kutoka nje ya Kenya

7.1 Kampuni inaruhusiwa kutumia wachakataji wadogo wawili: mtoa huduma za arafa aliyeko Nairobi, na kituo cha data kilichoko Ireland kwa ajili ya nakala rudufu. Kuongeza au kubadilisha yeyote kunahitaji taarifa ya siku 30 na kibali cha maandishi cha Chama.

7.2 Kila mchakataji mdogo atafungwa na masharti yasiyo mepesi kuliko haya. Akikosea, Kampuni ndiyo itakayowajibika kwa Chama.

7.3 Kitakachopelekwa Ireland ni nakala iliyosimbwa tu, na funguo zake zitabaki Kenya. Alama za vidole hazitatoka nchini kwa namna yoyote.

8. Maombi ya wenye data

Mwanachama akiomba kuona data yake, Chama kina siku 7 za kumjibu. Akiomba isahihishwe au ifutwe, siku 14. Kampuni itakipa Chama kila kinachohitajika ndani ya siku 3 za kazi. Ombi likifika kwa Kampuni moja kwa moja, italipeleka kwa Chama siku hiyohiyo na haitamjibu mwombaji yenyewe, isipokuwa kumwambia limepelekwa wapi.

9. Taarifa ya uvujaji

9.1 Kampuni itakiarifu Chama kuhusu uvujaji wowote, au shaka yenye msingi kwamba umetokea, bila kuchelewa na kwa vyovyote ndani ya saa 24 tangu ijue.

*Ufafanuzi: Kifungu cha 43 cha Sheria kinampa Mchakataji saa 48. Chama kimetaka nusu yake kwa makusudi. Kampuni ikigundua tatizo Ijumaa saa 4 usiku, Afisa wa Ulinzi wa Data awe amepigiwa simu kabla ya Jumamosi saa 4 usiku. Wikendi na sikukuu zinahesabiwa kama saa nyingine zozote.*

9.2 Kampuni itahesabiwa kuwa imejua pale mfanyakazi wake yeyote, au mchakataji wake mdogo, alipojua. Zamu ya usiku ikiona na isiseme, saa zimeshaanza kwenda.

9.3 Taarifa itatolewa kwa simu kwenye namba ya dharura iliyomo katika Mkataba Mkuu, kisha kwa maandishi. Itaeleza kilichotokea na lini, aina ya data na idadi ya watu wanaokadiriwa kuguswa, kama data ilikuwa imesimbwa na kama funguo ziko salama, madhara yanayoweza kuwapata watu hao, hatua zilizochukuliwa, na nani wa kuulizwa. Yasiyojulikana bado yatafuata kwa awamu, kila baada ya saa 12, hadi Chama kiseme inatosha. Kampuni haitasubiri uchunguzi ukamilike ndipo itoe taarifa.

9.4 Kuamua kama Kamishna na wenye data waarifiwe ni kazi ya Chama. Pale mtu asiyeidhinishwa alipoifikia data na kuna hatari ya kweli ya madhara, Chama kitamwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu kijue. Kikichelewa kitaeleza sababu. Wenye data wataarifiwa kwa maandishi, kwa lugha wanayoielewa, na waambiwe la kufanya ili wajikinge, kwa mfano kubadilisha namba ya siri au kutomjibu anayejifanya karani wa Chama.

9.5 Kampuni haitazungumza na wanahabari, wanachama wala mtu mwingine wa nje kuhusu tukio kabla ya Chama kukubali kwa maandishi, isipokuwa pale sheria inapoilazimisha.

9.6 Kampuni itazuia madhara yasiendelee na itahifadhi ushahidi. Hairuhusiwi kufuta kumbukumbu wala kuisafisha seva upya kabla ya kunakili yaliyomo. Ndani ya siku 14 italeta ripoti ya chanzo, athari na marekebisho, ambayo Chama kitaitia katika rejista yake ya matukio.

10. Ukaguzi

Chama, au mkaguzi kitakayemteua, kinaweza kukagua utekelezaji wa Makubaliano haya mara moja kwa mwaka kwa taarifa ya siku 10, na wakati wowote baada ya uvujaji. Kila upande utajilipia gharama zake. Ukaguzi ukionyesha kasoro kubwa, Kampuni italipa zote.

11. Mkataba unapokwisha

Ndani ya siku 30 Kampuni itarudisha data yote katika faili zinazosomeka na mifumo mingine, kisha itaifuta, nakala rudufu zikiwemo, na kutoa cheti cha ufutaji. Kumbukumbu za miamala zinazotakiwa kutunzwa miaka 7 na sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha zitatunzwa na Chama, si na Kampuni. Deni la ada lisilolipwa halitakuwa sababu ya kuzuia data.

12. Dhima na lugha

12.1 Kampuni itakifidia Chama kwa hasara inayotokana na kuvunja kwake Makubaliano haya, ikiwemo fidia wanayolipwa wenye data. Kikomo cha dhima kilichowekwa katika Mkataba Mkuu hakitumiki kwa vipengele vya 6, 7 na 9.

*Ufafanuzi: Faini ya Kamishna yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Fidia ya wanachama ni hesabu nyingine kando ya hiyo.*

12.2 Pakiwa na tofauti kati ya tafsiri hii na maandishi ya Kiingereza, ya Kiingereza yatafuatwa. Hata hivyo, barua kwa wanachama chini ya kipengele cha 9.4 itaandikwa kwa Kiswahili kwanza.

Yametiwa saini Kilifi tarehe 17 Machi 2025: kwa niaba ya Chama na Mwenyekiti na Katibu wa Halmashauri, kwa niaba ya Kampuni na Mkurugenzi Mtendaji, mbele ya wakili wa kila upande.