Kompyuta ya kwanta sio kompyuta yenye spidi

Haya jamani kaeni, kaeni, wale wa mlangoni ingieni huku mbele nafasi zipo, na nyie kidato cha kwanza msiogope kwamba mada ni ya wakubwa, leo nitaanza na kitu mlichokisikia kwa masikio yenu.

Mnakumbuka Alhamisi iliyopita tulivyochukua zile spika mbili za parade tukaziweka pale uwanjani, zote zinapiga toni moja ya hertzi 680, halafu mkapita mbele yake mmoja mmoja polepole? Kuna sehemu sauti ilikuwa inapasua, ukisogea hatua moja inakufa kabisa, ukisogea tena inarudi. Mmoja wenu akaniambia ticha spika moja mbovu. Tukazima moja, na pale palipokuwa kimya sauti ikarudi! Yaani kupunguza spika kukaongeza sauti. Ile ni mwingiliano wa mawimbi, kilele cha wimbi moja kimekutana na bonde la lingine vikafutana. Shikeni hapo hapo, maana kompyuta ya kwanta, yaani kompyuta inayofuata kanuni za vitu vidogo kama atomu, nzima imesimama juu ya hilo jambo, na ukilikosa hilo kila utakachosikia kuhusu hizi mashine kitakuwa uchawi tu.

Sasa. Kwenye simu yako kila kitu ni biti, 0 au 1, swichi imezimwa au imewashwa. Kwenye kompyuta ya kwanta tuna kyubiti. Mmesikia mtandaoni wanasema kyubiti ni 0 na 1 kwa pamoja, sawa, lakini hiyo sentensi imewapoteza watu wengi, kwa hiyo mimi naomba tuiache kidogo tuchukue sarafu ya mia mbili. Ukiirusha unapata nusu kwa nusu. Ukiiokota ukairusha tena bado nusu kwa nusu, si ndio? Sasa kyubiti iliyoko kwenye 0 ukiipitisha kwenye geti, yaani hatua moja ya kuibadilisha, linaloitwa H, halafu ukaipima, unapata 0 nusu ya mara na 1 nusu ya mara, mpaka hapo inafanana na sarafu kabisa. Ila ukiipitisha kwenye H mara mbili bila kuipima katikati, unapata 0. Kila mara. Mia kwa mia. Sarafu haiwezi hilo.

Kwa nini? Kwa sababu kyubiti haibebi uwezekano wa kawaida, inabeba namba inayoweza kuwa hasi, kama wimbi lenye kilele na bonde. Geti H likipokea 0 linatoa 1/√2 kwa 0 na 1/√2 kwa 1, likipokea 1 linatoa 1/√2 kwa 0 na −1/√2 kwa 1, na uwezekano ni namba hiyo kipeo cha pili, ndio ile nusu kwa nusu. Angalieni ubaoni, ukipita H mara mbili kuanzia 0, njia za kufika kwenye 1 ziko mbili, moja inapitia 0 na nyingine inapitia 1:

```
(1/√2)(1/√2) + (1/√2)(−1/√2) = 1/2 − 1/2 = 0
```

Zimefutana. Ile alama ya kutoa ndio pale kimya pa uwanjani. Na za kufika kwenye 0 ni 1/2 + 1/2 = 1, zimejumlishana. Hii hesabu mtu wa kidato cha pili anaiweza, na ukiielewa umeshawapita watu wazima wengi wanaoongea habari hizi kwa kujiamini.

Halafu ongeza kyubiti. Kuielezea moja unahitaji namba mbili, kyubiti mbili namba nne, tatu nane, kila ukiongeza moja zinadabo. Kyubiti 30 ni namba 1,073,741,824, kuziandika zote kwenye kompyuta ya kawaida unahitaji kama gigabaiti 16 za memori, laptop nzuri itahangaika. Kyubiti 300, namba zinazidi atomu zote za ulimwengu tunaouona. Mwanafizikia Richard Feynman ndio aliona hili mapema, mwaka 1981, akasema kama maumbile yenyewe yanafuata kanuni za kwanta na kompyuta zetu zinashindwa kuyaigiza, basi tujenge kompyuta inayofuata kanuni hizo hizo. Mimi nikisoma hapo mwili huwa unanisisimka mpaka leo.

Lakini, na hapa naomba mnisikilize sana. Wiki iliyopita kijana mmoja wa humu alinionyesha video inasema kompyuta ya kwanta inajaribu majibu yote kwa wakati mmoja halafu inakupa la sahihi. Hapana. Zile namba zote huzioni. Ukipima unapata jibu moja tu, kwa bahati, mengine yamepotea. Kama ungekuwa umeweka majibu yote humo ukapima tu, ungekuwa umefanya bahati nasibu kwa gharama kubwa sana. Kazi ngumu ni kupanga mageti ili njia za majibu mabaya zifutane na za jibu zuri zijumlishane KABLA hujapima, na huo ujanja umepatikana kwa matatizo machache tu. Peter Shor aliupata mwaka 1994 kwa kutafuta vigawo vya namba kubwa sana. Lov Grover mwaka 1996 akapata wa kutafuta kitu kwenye rundo lisilo na mpangilio, vitu milioni moja unavitafuta kwa hatua kama 785 badala ya wastani wa laki tano. Nzuri, ila sio miujiza. Kwa kuangalia video, kuandika barua, kucheza gemu, kujumlisha matokeo ya mitihani yenu, kompyuta ya kwanta haina faida yoyote na nadhani haitakuwa nayo.

Kuhusu vyuma vyenyewe. Aina inayosikika sana ni saketi ndogo za alumini juu ya kipande cha silikoni, unaziongoza kwa mapigo ya mikrowevu ya kama gigahertzi 5. Zinakaa kwenye friji inayofika kama 0.015 K, yaani kelvini, ambapo sifuri ndio baridi ya mwisho kabisa. Anga la mbali kabisa kati ya nyota liko kama 2.7 K, kwa hiyo ndani ya ile friji kuna baridi zaidi ya mara mia kuliko huko. Baridi yote hiyo ya nini? Kwa sababu nishati ya kutofautisha 0 na 1 ni ndogo mno, joto la chumba hiki linaizidi zaidi ya mara 1,000, lingekuwa linaisukuma kyubiti kila upande. Kuna wengine wanatumia ioni moja moja zilizoning'inizwa kwenye ombwe kwa nguvu ya umeme na kuguswa kwa leza, hao tutawaongelea siku nyingine.

Tatizo kubwa ni makosa. Hata kwenye friji ile kyubiti inasahau, kwenye mashine nyingi za aina hii ndani ya mikrosekunde makumi mpaka mamia. Na kila hatua ina nafasi ya kukosea, tuseme mara moja kwa elfu, ambayo ni mashine nzuri. Toeni kalkuleta. 0.999 kipeo 1,000. Umepata ngapi? Ndio, 0.37. Yaani hatua elfu moja tu na nafasi ya kumaliza bila kosa ni kama theluthi. Hatua elfu kumi inashuka chini ya moja kwa elfu ishirini. Na kazi za maana zinataka mamilioni mpaka mabilioni ya hatua. Zile H mbili za ubaoni ukizipeleka kwenye mashine halisi mara elfu, hutapata 0 zote elfu, kutakuwa na vi-1 vimeingia, hiyo ndio kelele.

Dawa yake ni kuisambaza kyubiti moja nzuri juu ya kyubiti nyingi mbovu zinazolindana. Desemba 2024 Google walitangaza chipu ya Willow ya kyubiti 105, wakaonyesha kwamba ukitanua gridi kutoka 3 kwa 3 kwenda 5 kwa 5 kwenda 7 kwa 7, makosa yanapungua kama nusu kila unapotanua. Hilo lilikuwa jambo kubwa kweli, watu walilisubiri miaka karibu 30. Lakini hesabuni pia bei yake, ile gridi ya 7 kwa 7, ukijumlisha na kyubiti za kukagua makosa, ilitumia kyubiti 101 ili kutunza kyubiti MOJA. Kutunza tu, bado haijafanya hesabu.

Sasa mnajua jinsi ya kusoma habari. Mwaka 2019 Google hao hao walisema chipu yao ya kyubiti 53 imefanya kwa sekunde 200 kazi ambayo kompyuta kubwa ingechukua miaka 10,000. IBM wakajibu palepale kwamba kwa njia nzuri zaidi ingechukua siku mbili na nusu, na baadaye wengine wakaifanya kwa masaa. Na ile kazi yenyewe ilikuwa ya kutoa namba za kubahatisha kwa mpangilio fulani, haikumtibu mtu wala kutengeneza mbolea. Sisemi walidanganya, jaribio lilikuwa la kweli na gumu, nasema muulize siku zote, kazi gani, na imelinganishwa na nani.

Najua kuna anayetaka kuuliza kuhusu hela za kwenye simu na benki. Ule ujanja wa Shor ungevunja aina za kufuli za siri zinazotumika sana mtandaoni, hilo ni kweli. Ila mwaka 2001 watafiti walipoujaribu kwenye kyubiti 7 walipata kwamba 15 ni 3 mara 5. Makadirio ya mwaka 2025 yanasema kuvunja kufuli moja kati ya hizo, la RSA la biti 2,048, kunahitaji kyubiti karibu milioni moja za sasa hivi zenye kelele, zikifanya kazi chini ya wiki. Mwaka 2019 makadirio yalikuwa milioni 20, kwa hiyo namba inashuka na haifai kupuuzwa, ndio maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kufuli mpya zinazotegemea hesabu ambazo ujanja wa Shor hauzigusi. Hiyo kazi ya kubadilisha kufuli inafanyika kwenye kompyuta za kawaida kabisa, na inahitaji watu wa hesabu kama nyie.

Kuna jambo linaniuma nalisema. Mama yangu aliwahi kukaa kwenye hema moja hapa mjini akashikishwa kifimbo cha chuma, wakamwambia ni mashine ya kwanta inapima mwili mzima kwa dakika moja, akatoka na karatasi ya magonjwa na dawa za hela nyingi. Alikwenda hospitali akapimwa damu, hakuna hata kimoja. Kile kifimbo hakina friji, hakina ombwe, hakina leza, kina neno tu. Ukisikia neno kwanta linauza dawa, bangili, au sarafu za mtandaoni, uliza vilevile, kazi gani, imepimwaje. Waulizieni na wazazi nyumbani, kwa heshima.

Na msione haya mambo ni ya mbali. Umoja wa Mataifa ulifanya 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwanta, na nchi iliyopeleka azimio hilo mbele ni Ghana. Tangu 2016 IBM waliweka kompyuta yao ndogo mtandaoni mtu yeyote akaweza kutuma mageti yake bure. Nimeomba maabara ya kompyuta Alhamisi ijayo saa tisa na nusu, tutajaribu kwanza H mbili, tuhesabu hivyo vi-1.

Kabla ya hapo kila mtu afanye hii kwenye daftari, H tatu mfululizo kuanzia 0, utapima nini na kwa uwezekano gani, andika njia zote na alama zake za kutoa. Haya, mkono ule wa nyuma, uliza.